Kitufe cha "Enhanced session" kimefifia: kwa nini mashine pepe ya Hyper-V inakataa kunakili na kubandika

*"Nina mashine pepe kwenye Hyper-V, zote Windows 11 Pro, na kompyuta yenyewe ni Windows 11 Pro. Ya kwanza, Ofisi, nanakili na kubandika bila shida. Ya pili, Majaribio, ilikuwa ikikubali pia, lakini wiki mbili hizi kitufe cha 'Enhanced session' kimefifia, hakibonyezeki. Nimewasha Guest services, nimewasha Remote Desktop ndani yake, nimezima hadi firewall, wapi! Juzi nimeunda ya tatu, Mpya. Hiyo kitufe kinabonyezeka, ila nikikibonyeza inakuja skrini ya kuingia isiyo na mahali pa nenosiri, na PIN yangu haikubaliki. Shida yangu ni kunakili maandishi na kuona diski yangu nikiwa ndani. Nakosea wapi?"*

Kwanza, rudisha firewall yako. Haihusiki hata kidogo, na sababu yake ndiyo itakayokufungulia mambo mengine yote.

Ukifungua mashine pepe kwa dirisha la kawaida la Hyper-V, kile unachokiona ni picha tu. Kompyuta mwenyeji inachora skrini ya mgeni, yaani ya mashine pepe, kisha inampelekea mibofyo ya kibodi na mienendo ya kipanya. Mgeni hana habari kwamba kuna mtu anamtazama kupitia dirisha, sawasawa na kompyuta ya mezani isivyojua nani ameketi mbele ya kioo chake. Hicho ndicho kikao cha msingi. Huwezi kunakili faili kutoka kwenye picha, na ndiyo maana ubao wa kunakilia haupiti hapo.

Kikao kilichoboreshwa, ndicho hicho "Enhanced session", kilichokuja na Windows 8.1 na Windows Server 2012 R2 mwaka 2013, ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ukibonyeza kile kitufe, dirisha linaacha kutazama picha na kufungua muunganisho wa RDP, itifaki ileile ya Remote Desktop, hadi kwenye huduma iliyo ndani ya mgeni. Ila muunganisho huo haupiti kwenye mtandao. Unapita kwenye VMBus, njia ya ndani kati ya mwenyeji na mgeni. Mgeni anaweza kukosa anwani ya IP, hata kadi ya mtandao asiwe nayo, na kikao kikafanya kazi vizuri. Kwa kuwa hakuna mtandao, firewall haina cha kuzuia. Na kwa sababu hiyohiyo, ile swichi ya Remote Desktop uliyoiwasha ndani ya mgeni haikuwa ya lazima, kwani yenyewe inaruhusu watu wa kutoka kwenye mtandao. Kama huitumii kwa jambo jingine, izime.

Kuhusu Guest services, hapo wamekwama wengi, na jina lenyewe ndilo linalopotosha. Huduma hiyo haigusi ubao wa kunakilia wala diski. Kazi yake ni moja: kuruhusu amri ya `Copy-VMFile` kusukuma faili kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Iache ikiwa imewashwa kama ulivyoiweka, nitairudia baadaye.

Sasa, kitufe kikiwa kimefifia, usianze kubahatisha. Hyper-V yenyewe inajua hali ya kila mashine na iko tayari kukuambia. Fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta mwenyeji, mashine zako zote zikiwa zinawaka na zimeshafika kwenye skrini ya kuingia, uandike hivi:

```
Get-CimInstance -Namespace root\virtualization\v2 -ClassName Msvm_ComputerSystem |
  Select-Object ElementName, EnhancedSessionModeState
```

Utaona majina ya mashine zako na namba mbele ya kila moja. Jina la kompyuta mwenyeji nalo litatokea humo, lipuuze. Namba 2 maana yake kikao kinaruhusiwa na mgeni yuko tayari. Namba 3 maana yake hakiruhusiwi. Namba 6 maana yake kinaruhusiwa, lakini kwa sasa mgeni hapatikani. Mtu akiniletea tatizo hili, namba hizi ndizo za kwanza kuziuliza, maana zinakuambia moja kwa moja uchimbe upande wa mwenyeji au upande wa mgeni.

Kwako sitarajii 3. Namba hiyo inatokana na sera ya kompyuta mwenyeji nzima, iliyoko kwenye Hyper-V Settings chini ya "Enhanced Session Mode Policy", na ingekuwa imezimwa basi hata Ofisi isingefanya kazi. Kwenye Windows za kawaida sera hiyo huja ikiwa imewashwa. Kwenye Windows Server huja ikiwa imezimwa, kwa hiyo anayesoma hapa akiwa na seva, tiba yake huenda ikawa mstari mmoja tu:

```
Set-VMHost -EnableEnhancedSessionMode $true
```

Ninavyotarajia, Ofisi itaonyesha 2, Mpya itaonyesha 2, na Majaribio itaonyesha 6. Yaani matatizo yako ni mawili yasiyo na udugu wowote, ingawa kwako yanaonekana kama ugonjwa mmoja. Tuanze na la Majaribio.

Namba 6 yenyewe si kosa kila mara. Mashine ikiwa inawaka upya, au ukiwa unasakinisha Windows kutoka kwenye faili la ISO, huduma ya ndani bado haijaamka, kwa hiyo hakuna wa kupokea muunganisho. Kitufe hufifia, kisha baada ya dakika moja au mbili hujifungua chenyewe. Lakini 6 inayobaki baada ya mgeni kufika kwenye skrini ya kuingia na kutulia ina maana kwamba huduma ya Remote Desktop Services ndani yake haifanyi kazi, au toleo la Windows lililomo halina uwezo huo. Windows za Home ni za kundi hilo la mwisho: zinaweza kuunganika kwenda kwa wengine kwa RDP, lakini hazipokei. Hata uwashe huduma gani, kitufe hakitafunguka.

Kuna njia nzuri ya kuingia ndani ya mgeni bila mtandao, nayo ni PowerShell Direct, inayopita kwenye VMBus ileile. Itakuomba jina na nenosiri la akaunti ya mgeni mwenyewe, si za kompyuta mwenyeji:

```
Enter-PSSession -VMName "Majaribio"
Get-Service TermService, UmRdpService | Select-Object Name, Status, StartType
(Get-ItemProperty "HKLM:\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion").EditionID
```

Ukiona `Professional` kwenye mstari wa mwisho, toleo liko sawa. Ukiona `Core`, hiyo ndiyo Home, na mjadala unaishia hapo. Umesema ni Pro, na kwa kuwa kitufe kiliwahi kufanya kazi nakuamini. Jicho langu lingekwenda kwenye `StartType` ya TermService. Hali ya kawaida ni `Manual`, na Windows huiamsha yenyewe inapohitajika. Ikiwa imeandikwa `Disabled`, mchawi wako ni huyo.

Inafikaje huko? Aghalabu kwa mkono wa mwenye mashine. Yanazunguka maelekezo mengi ya "kuipunguzia Windows mzigo", na karibu yote huzima huduma za Remote Desktop kwa hoja kwamba mtumiaji wa nyumbani hazihitaji. Kwenye kompyuta halisi hoja hiyo ina mantiki. Kwenye mashine pepe unakata tawi ulilokalia. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika skripti ya kusafisha mashine za majaribio, nikazima TermService katikati ya huduma nyingine kumi na kitu, kisha siku tatu baadaye nikawa natafuta ubao wa kunakilia umekwenda wapi. Kumbuka wiki mbili zilizopita ulifanya nini ndani ya Majaribio. Kama kuna skripti au programu ya "kuongeza kasi" uliyoiendesha, umeshapata jibu.

Kurekebisha ni kazi ya sekunde chache, ukiwa bado ndani ya kikao kilekile cha PowerShell:

```
Set-Service TermService -StartupType Manual
Set-Service UmRdpService -StartupType Manual
Start-Service TermService
Start-Service UmRdpService
```

UmRdpService nimeiweka makusudi. Hiyo ndiyo inayopitisha diski na printa. TermService ikiwaka peke yake, kitufe kinaweza kurudi na maandishi yakanakilika, halafu ukabaki unashangaa diski hazionekani. Ukimaliza, andika `exit`, kisha rudia ile amri ya namba. Majaribio ikigeuka kutoka 6 kwenda 2, funga dirisha la mashine ulifungue upya.

Tuje kwa Mpya, ambayo tabia yake ni tofauti kabisa. Hapo kikao kinafunguka vizuri, ila kinakwama mlangoni. Nina karibu uhakika kwamba wakati wa kuisakinisha uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ukatengeneza PIN, na Windows 11 ikawasha chaguo linalosema kifaa hiki kipokee Windows Hello peke yake. PIN ya Windows Hello imefungwa kwenye kifaa chenyewe, inatumika na mtu aliyekaa mbele ya kioo. Kikao kilichoboreshwa, kama tulivyoona, ni RDP, na kwa macho ya mgeni wewe ni mtu wa mbali. PIN haifiki. Nenosiri lingefika, lakini chaguo lile limelificha. Matokeo yake ndiyo hiyo skrini isiyo na pa kuandika.

Ondoka kwenye kikao kilichoboreshwa kwa kubonyeza kitufe kilekile, urudi kwenye kikao cha msingi, ambako PIN yako itakubalika kama kawaida. Fungua Settings, nenda Accounts, kisha Sign-in options, utafute chaguo hili na ulizime:

```
For improved security, only allow Windows Hello sign-in
for Microsoft accounts on this device
```

Ni lazima ufanye hivyo ukiwa kwenye kikao cha msingi, maana sehemu kubwa ya mipangilio ya Windows Hello haifikiki ukiwa umeingia kwa RDP. Baada ya hapo toka kabisa kwenye akaunti na uingie mara moja kwa nenosiri, si PIN, ukiwa bado kwenye kikao cha msingi na mgeni akiwa na intaneti. Hatua hii huonekana kama ya ziada, lakini akaunti ambayo haijawahi kuingia kwa nenosiri kwenye mashine hiyo inaweza kukataliwa hata ukiandika nenosiri sahihi. Ukishaingia hivyo, bonyeza kitufe cha kikao kilichoboreshwa, sehemu ya nenosiri itakuwepo.

Wapo wanaotumia akaunti ya ndani ya mashine isiyo na nenosiri kabisa, wakafika mlango uleule na kukataliwa kwa ujumbe kuhusu vizuizi vya akaunti. Windows hairuhusu nenosiri tupu isipokuwa kwa aliyekaa mbele ya kioo. Weka nenosiri, basi. Na kama akaunti si ya msimamizi, iongezwe kwenye kundi la Remote Desktop Users ndani ya mgeni.

Sasa diski, maana ndiyo uliyoiomba. Unapofungua kikao kilichoboreshwa, kabla ya skrini ya kuingia linatokea dirisha dogo la kuchagua ukubwa wa skrini. Watu wengi hubonyeza Connect bila kulitazama. Pale chini pana "Show Options". Kifungue, nenda "Local Resources", hakikisha Clipboard imetiwa alama, kisha bonyeza "More" na ufungue orodha ya Drives. Kwa kawaida hakuna diski iliyochaguliwa hapo, na hilo ndilo linalofanya watu waseme kikao hakipitishi diski. Tia alama kwenye unayoitaka. Ukiingia, utaiona ndani ya This PC ya mgeni ikiwa na jina la kompyuta mwenyeji, au unaweza kuandika `\\tsclient\D` kwenye upau wa anwani wa File Explorer kama diski yako ni D.

Kama uliwahi kutia alama ya kuhifadhi mipangilio, dirisha hilo halitokei tena. Lirudishe hivi kutoka kwa mwenyeji:

```
vmconnect.exe localhost "Mpya" /edit
```

Kabla hujatia alama kwenye C nzima, nisikilize hapa. Diski uliyoipitisha inaonekana na kila programu inayoendeshwa katika kikao chako ndani ya mgeni, kwa ruhusa zako za kusoma na kuandika. Mashine uliyoiita Majaribio nadhani ndiyo unayofungulia programu usizoziamini. Virusi wa kusimba faili akiingia humo hatajali kwamba `\\tsclient\C` ni ya kompyuta nyingine. Mimi hutengeneza diski pepe ndogo ya VHDX kwenye kompyuta mwenyeji, gigabaiti nne au tano, naiunganisha ipate herufi yake, kisha kwenye ile orodha natia alama kwake peke yake. Kinachopita, kinapita humo. Kwa mashine za kufungulia faili za kutilia shaka hata ubao wa kunakilia nauzima, kwa sababu nenosiri ulilonakili kwa mwenyeji linasomeka kwa mgeni papo hapo.

Ukiona kila kitu kiko sawa kisha ghafla kunakili kumekatika katikati ya kazi, huku kikao chenyewe kikiendelea, usianze upya safari yote hii. Ndani ya mgeni kuna programu ndogo iitwayo `rdpclip.exe` inayobeba ubao wa kunakilia, nayo hukwama mara mojamoja. Ifunge kwenye Task Manager, kisha uiendeshe tena kwa kuandika jina lake kwenye Run. Na usijaribu kuburuta faili kutoka dirisha moja kwenda jingine. Hiyo haipo, hata kikao kikiwa kizima. Nakili na ubandike.

Kwa mgeni asiyeweza kupata kikao hiki, kama Windows Home, bado una njia. Maandishi mafupi, mfano amri au nenosiri, unaweza kuyapeleka kwenye kikao cha msingi kwa menyu ya Clipboard na "Type clipboard text". Hyper-V huyaandika herufi kwa herufi kana kwamba wewe ndiye unayegonga kibodi. Faili unazisukuma kwa ile Guest services uliyokwisha kuiwasha:

```
Copy-VMFile "Majaribio" -SourcePath "D:\kazi\ripoti.docx" `
  -DestinationPath "C:\kazi\ripoti.docx" -CreateFullPath -FileSource Host
```

Udhaifu wake ni kwamba inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Ukihitaji kurudisha faili, folda ya kushirikiana kupitia mtandao ndiyo rahisi zaidi, ingawa hapo firewall nayo inaingia kwenye hesabu. Mgeni wa Linux ni habari ndefu: anahitaji xrdp iliyopangwa kusikiliza kwenye njia ya ndani, na mashine yake kubadilishiwa aina ya usafiri kuwa `HvSocket` kwa amri ya `Set-VM`. Kama huhitaji skrini yake, SSH itakuondolea usumbufu.

Imebaki hali moja ambayo hupaswi kupambana nayo peke yako. Kama mojawapo ya mashine hizi imeunganishwa kwenye domeini ya kazini, na Ofisi jina lake linanifanya niulize, basi kikao kinaweza kufunguka vizuri huku kunakili au diski vikiwa vimezuiwa kwa sera. Unaweza kutazama ndani ya mgeni kwa amri hii:

```
Get-ItemProperty "HKLM:\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services" |
  Select-Object fDisableClip, fDisableCdm
```

Namba 1 kwenye `fDisableClip` ina maana ubao wa kunakilia umezuiwa, na 1 kwenye `fDisableCdm` ina maana diski zimezuiwa. Usizifute, kwa sababu sera ikijisasisha zitarudi. Tena mtu aliziweka kwa makusudi, kuzuia data isitoke. Mpelekee msimamizi wa mifumo wa kazini kwenu thamani hizo mbili na jina la mashine, umuulize kama mashine hiyo inaweza kuondolewa kwenye sera hiyo. Fanya vivyo hivyo ukiona TermService inarudi `Disabled` kila baada ya kuwasha upya bila wewe kuigusa. Kuna kitu kingine kinachoisimamia mashine hiyo, na ni yeye mwenye funguo zake.